Jinsi ya kuielekeza nyumba yako kwa alama, mleta mzigo afike getini bila kupotea

Maelekezo mengi ambayo wasomaji wamekuwa wakinitumia niyakague yana kosa lilelile. Yameandikwa na mtu anayeijua njia, kana kwamba msomaji naye anaijua. "Nyoosha mpaka kwenye mwembe, kata kulia, mbele kidogo utaona geti jeusi." Mwenye nyumba akiyasoma anaona picha nzima kichwani. Mleta mzigo akifika anakuta miembe mitatu na mageti meusi kila upande.

Nimepeleka mizigo kwa pikipiki kwa miaka sita, kwenye maeneo ambayo barabara hazina majina na nyumba hazina namba. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyotamani kila mteja ayajue kabla sijawasha pikipiki. Lengo ni ujumbe mmoja mfupi, wa mistari sita au saba, utakaouandika mara moja na kuutuma kila unapoagiza kitu.

## Vitu vya kuwa navyo

Andaa karatasi na kalamu, simu yenye ramani, na viatu vya kutembelea. Tafuta pia mtu mmoja ambaye hajawahi kufika kwako na yuko tayari kujaribu maelekezo yako. Bila yeye hutajua kama umefaulu. Tenga muda wa mchana wa kuitembea njia yote, kisha robo saa nyingine giza likishaingia.

Usijaribu kuandika ukiwa umekaa sebuleni. Kichwa chako kinakumbuka njia jinsi unavyoihisi, na kinaruka vitu ambavyo macho yako yameshavizoea. Nimeshakutana na watu waliosahau kutaja daraja wanalolivuka kila siku.

## Hatua ya 1: Chagua mahali pa kuanzia

Mwanzo mzuri ni mahali ambapo hata mgeni wa eneo anaweza kufika bila msaada wako. Inaweza kuwa kituo cha mafuta, stendi, hospitali, shule kubwa, au makutano ya barabara mbili za lami. Ukimtajia dereva yeyote, aseme "napajua" au apakute kwenye ramani kwa jina.

Wengi hukosea kwa kuchagua mahali palipo karibu mno na nyumba. Kibanda kilicho kona ya kwako kinajulikana kwa majirani tu. Kwa mgeni, kukitafuta hicho kibanda ni kazi nyingine ya pili. Ni afadhali mwanzo uwe mbali kidogo lakini usiwe na shaka.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo limenipoteza mimi mara nyingi zaidi kuliko yote. Kulia na kushoto hutegemea mtu ametokea wapi. Ukiandika "ukifika kituo cha mafuta kata kulia", unamfikiria mtu anayetoka mjini, maana ndiko unakotoka wewe kila jioni. Mleta mzigo anaweza kuwa ametoka kumhudumia mteja mwingine upande wa pili, na kulia kwako kwake ni kushoto. Atakata alivyoambiwa, ataingia barabara isiyo yako, na huko nako kutakuwa na mwembe na geti jeusi.

Dawa yake ni kuanza na mwendo usiojali mtu ametoka wapi. Tafuta mahali ambapo njia yako inaachana na barabara kubwa, kisha uitaje njia yenyewe kwa sura yake: "Acha lami, ingia barabara ya vumbi inayopita ubavuni mwa kituo cha mafuta." Aje kutoka juu, aje kutoka chini, barabara ya vumbi ni ileile. Akishaingia humo, nyote wawili mmeelekea upande mmoja, na kuanzia hapo kulia na kushoto vina maana moja. Kabla ya hapo usivitumie kabisa.

Utajua umefaulu: ukisoma mstari wako wa kwanza hauna neno "kulia", "kushoto" wala "mbele", na bado unaeleweka.

## Hatua ya 2: Itembee njia, uandike anachokiona aliye juu ya pikipiki

Anzia pale mwanzo, utembee kuelekea nyumbani. Usianzie nyumbani kwenda nje. Ukuta wenye bango upande mmoja unaweza kuwa mtupu upande wa pili, na nyumba inayoonekana vizuri ukitoka inaweza kufichwa na mti ukiingia.

Andika kila kitu kinachovuta macho, bila kuchagua kwanza. Lakini kumbuka anayekuja anatazama wapi. Kwenye barabara mbovu, macho ya mwendesha pikipiki yako chini, hatua chache mbele ya tairi, yakitafuta mashimo, mchanga na mawe. Kofia ngumu inamkata sehemu ya juu na ya pembeni. Tenki la maji lililo juu ya paa la ghorofa, ambalo wewe unaliona kuwa ndiyo alama kuu ya mtaa, yeye halioni mpaka asimame na kuinua kichwa.

Kwa hiyo alama zenye nguvu zaidi wakati wa mwendo ni zile zilizo kwenye barabara yenyewe. Lami inapoisha, pikipiki inaanza kutikisika, na hilo hakuna anayelikosa. Tuta analihisi mwilini. Kalvati, mteremko, mtaro unaokatiza njia, mahali barabara inapobanwa na kuta mbili: vitu hivi vinamfikia hata akiwa hajavitafuta. Baada ya hivyo, chukua vitu vya kimo cha macho vilivyo ukingoni, kama kona ya ukuta, nguzo yenye transfoma, au bango kubwa. Vilivyo juu kama minara na matenki viwekee kazi ya kuthibitisha anaposimama.

Kila njia inapogawanyika, simama. Andika njia ngapi zinaonekana, na ipi si yako. Njia panda ndipo watu wanapopotelea, kwa hiyo inahitaji maneno mengi kuliko kipande kilichonyooka. Wenye nyumba hufanya kinyume chake: wanaeleza kwa kirefu sehemu isiyo na kona, kisha panapogawanyika wanaandika "njoo tu".

Usiku rudi uitembee tena kwa tochi iliyoelekezwa chini kama taa ya pikipiki. Rangi za kuta zitakuwa zimekufa, kijani na bluu zitafanana, miti itakuwa giza moja. Tuta, kalvati na kona ya ukuta bado zipo. Weka alama ya nyota pembeni ya kila kitu ulichokiona usiku. Hivyo ndivyo utakavyovipa nafasi ya kwanza.

## Hatua ya 3: Chuja alama zako

Sasa una orodha ndefu. Chukua kila alama uiulize maswali matatu.

Je, iko moja tu kwenye kipande hicho cha njia? Msikiti, kanisa, saluni na duka la dawa vinaweza kuwa vitatu ndani ya mwendo mfupi. Kama ziko mbili, usiitumie, au uongeze kitu kinachoitenga: "duka la dawa lenye ngazi nje".

Je, itakuwepo mwezi ujao, na itakuwepo saa mbili usiku? Gari bovu lililoegeshwa miaka mitatu linaweza kuvutwa kesho. Mama anayeuza pale kona hukusanya vitu vyake jioni. Lundo la mchanga, mbuzi waliofungwa, bendera, mahema ya sherehe, yote yanatoka. Bango la biashara linabadilika mara nyingi kuliko tunavyodhani. Vinavyodumu ni kuta, nguzo, madaraja, mitaro, ngazi za saruji na miti mikubwa.

Je, mgeni anaweza kukitambua kwa macho? "Kwa mzee mjumbe", "pale palipokuwa na kiwanda", "nyumba ya mwalimu" si alama, ni habari. Hakuna kinachoonekana barabarani kinachosema hapa anakaa mwalimu. Vilevile majina ya kienyeji ya kona na vijiwe, yaliyozaliwa mtaani kwenu, hayamsaidii asiye wa kwenu. Na ukimwandikia "ulizia", umemwachia mtu mwingine kazi yako. Nimewahi kuulizia nyumba nikapelekwa kwa mtu mwingine mwenye jina hilohilo, akaupokea mzigo kwa furaha. Ilichukua siku mbili kuurudisha.

Bakiza alama tano hadi saba. Zikizidi hapo, anayesoma anaanza kuziruka.

## Hatua ya 4: Andika mistari yenye namba, tendo moja kwa kila mstari

Mleta mzigo hasomi ujumbe wako kama barua. Anasimama pembeni, anafuta vumbi kwenye skrini, anasoma kipande, anaweka simu mfukoni, anaondoka. Akisimama tena anataka kurudi palepale alipoishia. Aya moja ndefu inamlazimisha kuanza upya kila mara, na mara ya tatu atakupigia simu.

Mpangilio wa kila mstari uwe huu: kwanza tendo, kisha mahali pa kulifanyia, kisha kitu atakachokiona akiwa amefanya sawa. Hicho cha mwisho ndicho kinachokosekana kwenye maelekezo karibu yote niliyoyaona. "Kata kulia kwenye transfoma" ni nusu ya kazi. "Kata kulia kwenye nguzo yenye transfoma, utakuwa na ukuta mrefu kushoto kwako" imekamilika, kwa sababu akikata kulia na asiuone ukuta, atajua amekosea ndani ya dakika moja badala ya kumi.

Epuka maneno yasiyo na kipimo: "mbele kidogo", "si mbali", "karibu na", "maeneo ya". Dakika nazo hudanganya, kwani mwendo wa dakika tano kwa miguu ni chini ya dakika moja kwa pikipiki. Mita pia ni ngumu kukadiria ukiwa kwenye mwendo. Badala yake tumia mwisho unaoonekana: "mpaka ukuta uishe", "mpaka uvuke kalvati". Kama hakuna kitu cha kushika, hesabu nguzo za umeme, lakini zisizidi nne.

Kuhesabu njia kuna mtego wake. Ukisema "njia ya tatu kulia", wewe hukuhesabu kichochoro cha waenda kwa miguu, yeye atakihesabu. Sema "njia ya kwanza inayopitisha gari", kisha uitaje kwa kitu kilichopo kwenye kona yake. Namba peke yake usiiamini.

### Mfano: kuutengeneza ujumbe mmoja kutoka mwanzo

Huu ni ujumbe wa aina niliyokuwa nikiupata kila siku:

> Ukifika kituo cha mafuta njoo mbele kidogo, utaona mwembe, kata kulia, pita shule, ulizia kwa mwalimu, geti la bluu.

Tuufuate kama mgeni. "Mbele" ya kituo ni wapi, kwa anayetoka juu au anayetoka chini? Mwembe uko mmoja? "Pita shule" ina maana aipite shule aendelee, au apite ndani ya eneo la shule? Geti la bluu usiku ni jeusi. Mtu huyu ana alama tatu nzuri kabisa mkononi, ila hazijafungwa pamoja.

Nilipoitembea njia ile pamoja na mwenye nyumba, tulikuta vitu ambavyo hakuvitaja kabisa. Barabara ya vumbi inatelemka kuanzia kituo cha mafuta. Chini ya mteremko kuna kalvati lisilo na kingo. Baada yake tu kuna nguzo mbili zilizobeba transfoma, na hapo ndipo pa kukata kulia. Ule mwembe ulikuwa mkubwa kweli, lakini kulikuwa na mwingine kabla yake, na huo wa kwanza ndio uliokuwa ukipoteza watu. Tuliutupa. Ukuta wa shule ulikuwa mrefu kiasi kwamba mtu angeweza kuufuata hata gizani kwa taa ya mbele.

Ujumbe ukawa hivi:

> 1. Anzia kituo cha mafuta chenye paa la njano, kwenye makutano ya lami na barabara ya vumbi.
> 2. Acha lami, ingia barabara ya vumbi inayopita ubavuni mwa kituo. Inatelemka.
> 3. Chini ya mteremko utavuka kalvati lisilo na kingo. Punguza mwendo.
> 4. Baada ya kalvati kata kulia kwenye nguzo mbili zenye transfoma. Utakuwa na ukuta wa shule kushoto kwako.
> 5. Fuata ukuta mpaka uishe.
> 6. Nyumba ya pili baada ya ukuta, upande wa kushoto. Geti la bluu lenye kidirisha kidogo, ngazi mbili za saruji mbele yake.
> 7. Ukiona uwanja wa mpira, umepita. Geuza.

Angalia kwamba neno "kulia" limekuja mstari wa nne, wakati tayari tunajua anaelekea wapi. Mstari wa tatu hauna kona, lakini umewekwa kwa sababu mbili: unamthibitishia kuwa yuko njiani, na unamwonya asiingie kalvati kwa kasi. Geti la bluu limebaki, ila sasa lina kidirisha na ngazi za kulisaidia usiku.

## Hatua ya 5: Mstari wa "umepita", na mita za mwisho

Mstari wa saba pale juu usiuone kama pambo. Mtu aliyepita nyumba yako hajui kwamba amepita. Kwa mtazamo wake, bado hajafika, basi anaendelea. Bila kitu cha kumsimamisha ataenda mpaka moyo wake umwambie hapana, na hapo atakuwa mbali. Tafuta alama kubwa iliyo mara tu baada ya kwako na uiandike kwa maneno hayohayo: "Ukiona hiki, umepita." Kama njia yako inaishia kwenye nyumba, andika kwamba njia inakufa hapo.

Mita za mwisho nazo zieleze kwa makini. Kama nyumba ina milango miwili, sema upi unaofunguliwa. Kama pikipiki haiingii kichochoroni, sema aiegeshe wapi na kama pako salama kuiacha. Kengele haifanyi kazi? Mwambie agonge au apige simu. Mbwa kama yupo lazima atajwe. Nyumba za kupanga zenye vyumba vingi zinahitaji chumba kitajwe kwa mahali: "ukiingia uani, mlango wa mwisho mkono wa kushoto".

Kama mageti yote ya kwenu yanafanana, una ruhusa ya kutengeneza alama yako mwenyewe. Tairi kuukuu lililopakwa chokaa likasimamishwa pembeni ya geti linaonekana mchana na usiku. Namba kubwa iliyochorwa kwa rangi nyeupe kwenye geti jeusi inafanya kazi hata kama hakuna nyumba nyingine yenye namba, kwa sababu inalitofautisha geti lako na mengine. Iwe na urefu wa kiganja au zaidi. Kibandiko kidogo hakisomeki kutoka barabarani.

## Hatua ya 6: Ongeza lokesheni, lakini ichukue vizuri

Watu hunambia, "Si nitume lokesheni tu, maneno ya nini?" Tuma vyote viwili. Pini inamwonyesha nyumba iko wapi, haimwonyeshi inaingiliwa wapi. Nimeshasimama mara nyingi nyuma ya ukuta wa mteja, ramani ikinionyesha nimefika, huku geti likiwa mtaa wa pili na katikati kuna mtaro. Simu pia huishiwa chaji, na mtandao hukatika kwenye mabonde.

Toka nje usimame mbele ya geti, pasipo na paa juu yako. Chini ya anga wazi simu ya kawaida hupata mahali kwa kosa la mita 5 hivi. Ndani ya nyumba, chini ya bati au kati ya maghorofa, kosa hilo linakua mpaka pini inaangukia kwa jirani. Kwenye WhatsApp, kabla ya kutuma, inaandikwa usahihi ni mita ngapi. Subiri namba hiyo ishuke.

Hapo WhatsApp inakupa njia mbili. Lokesheni ya mahali ulipo sasa inabaki palepale. Ile inayotembea na wewe, unayochagua iishe baada ya dakika 15, saa 1 au saa 8, inafuata simu yako na si nyumba yako. Ukiituma kisha ukatoka, mleta mzigo atakufuata sokoni. Tuma ile ya kwanza.

Kwa mleta mzigo asiye na WhatsApp, Google Maps ina kodi fupi iitwayo Plus Code. Bonyeza ramani pale getini kwa kidole usiachie mpaka pini itokee, kisha ushushe maelezo yake. Utaona herufi na tarakimu nne, alama ya kujumlisha, mbili au zaidi nyingine, na jina la mji. Inaandikika kwenye ujumbe wa kawaida na inasomeka hata kwa simu ya sauti. Kodi kamili yenye herufi 10 inataja mraba wa takriban mita 14 kwa 14, kwa hiyo nayo inamfikisha jirani yako na kwako kwa pamoja. Mstari wako wa sita ndio utakaowatenganisha. Usiliache jina la mji, maana kodi fupi bila mji haimpeleki popote.

## Hatua ya 7: Mjaribu mgeni

Mtumie ujumbe yule mtu uliyemwandaa. Mwambie aanzie kituo cha mafuta, au popote ulipopachagua, na asikupigie simu mpaka afike au akwame kabisa. Usimfuate nyuma, uso wako utamwelekeza bila wewe kujua.

Muombe aandike kila mahali aliposimama kusoma tena, na kila mahali alipositasita hata kama alipatia. Kusitasita ni kosa ambalo bado halijatokea. Kama alisimama kati ya mstari wa tatu na wa nne, hapo panahitaji alama nyingine, au ile uliyoitumia haionekani mapema vya kutosha.

Ukiweza, mjaribu wa pili aje kutoka upande tofauti na wa kwanza. Hapo ndipo makosa ya kulia na kushoto yanapojitokeza.

Utajua umefaulu: mgeni amefika kwenye geti bila kupiga simu wala kumuuliza mtu. Kama aliuliza hata mara moja, rekebisha sehemu hiyo na ujaribu tena.

## Simu ikipigwa hata hivyo

Bado kuna siku utapigiwa. Mazungumzo huwa hivi:

"Dada, nimeshafika."

"Umefika wapi, kaka?"

"Hapa hapa kwenye njia panda."

"Basi njoo mbele."

Wote wawili wameongea na hakuna aliyejua chochote. Usimuulize yuko wapi, kwa kuwa angejua asingepiga. Muulize, "Uko mstari wa ngapi?" Hapa ndipo zile namba zinapolipa. Akisema amemaliza wa nne, unajua kipande kizima alichonacho. Akisema hajui, muulize, "Mbele yako unaona nini? Mkono wako wa kushoto kuna nini?"

Ukigundua ametoka njiani, usimwelekeze kutokea hapo alipo. Humwoni, huijui njia hiyo jinsi yeye anavyoielekea, na mtapotea pamoja. Mrudishe kwenye mstari wa mwisho aliouona kwa macho yake, aanze tena kutoka hapo. Inaonekana ni kumchelewesha, lakini mara zote nilizorudishwa nilifika haraka kuliko mara nilizopewa njia ya mkato.

Kama hutakuwepo, anayepokea awe na ujumbe uleule kwenye simu yake. Mtoto wa nyumbani akielekeza kwa maneno yake mwenyewe, mleta mzigo atakuwa na ramani mbili zinazopingana.

## Usichokiandika

Ujumbe huu utabaki kwenye simu za watu wengi. Usiandike kwamba mchana hakuna mtu nyumbani, wala ufunguo unawekwa wapi, wala kwamba unaishi peke yako. Jina la kwanza na namba ya simu vinatosha. Usiubandike kwenye kundi kubwa la mtandaoni pamoja na pini yako. Umtumie yule anayekuja tu. Kama hutaki mgeni afike mlangoni, maliza maelekezo yako kwenye ile kona ya ukuta na uandike: "Ukifika hapa nipigie, natoka."

## Kuutunza ujumbe

Uhifadhi mahali pa kunakili kwa urahisi, kwenye noti za simu au ujumbe unaojitumia mwenyewe, ukiwa na tarehe uliyouandika. Kila unapouona mtaa umebadilika, ukuta umepakwa rangi, paa la kituo limegeuzwa au tuta limesawazishwa, badilisha mstari huo siku hiyohiyo. Mvua kubwa ikinyesha, nenda ukaangalie kama kalvati bado linapitika. Kama halipitiki, andika njia ya pili nzima kuanzia mstari wa kwanza, kwa kuwa mtu anayezuiliwa na maji hawezi kurukia mstari wa nne.

Na mleta mzigo anayefuata akishakukabidhi, muulize swali moja kabla hajaondoka: ni mstari gani uliomsumbua. Yeye ametoka kuupita sasa hivi, atakujibu bila kufikiri.